Shajara ya kadi za Kalenga: kitenzi kinapongoja mwisho

Juni 2

Kadi za Kijerumani za vijana wetu wanaotembeza wageni: za Isimila zimekwisha, za Ruaha nazo zimekwisha. Hazikuwa na shida kubwa, maana kumwelekeza mgeni kwenye nguzo za udongo au kumwonyesha tembo hakuhitaji sentensi ndefu. "Huyu ni tembo. Ana miaka mingi. Tusimame hapa." Kijerumani cha namna hiyo vijana wetu wanakimudu.

Sasa tumefika Kalenga, na hapa mambo yanabadilika. Kalenga si mahali pa kuonyesha kwa kidole tu. Mgeni akishasimama mbele ya fuvu la Mkwawa anataka kusimuliwa: kwa nini, lini, nani alisema kwamba nini. Ukianza tu kusema "kwa sababu", "kwamba", "ambalo", "wakati", umeingia kwenye vishazi tegemezi, na Kijerumani kina desturi yake huko: kitenzi chenye nafsi kinakwenda kukaa mwisho kabisa wa kishazi.

Utaratibu wetu haubadiliki. Kila mwongozaji anaandika sentensi zake mwenyewe, kwa maneno yake, kisha naletewa nizihakiki. Haitolewi kopi ya kadi yoyote kabla sentensi haijapita. Upande mmoja Kijerumani, upande wa pili Kiswahili, kitenzi chenye nafsi kimepigiwa mstari kwa kalamu nyekundu. Wanaosoma na mimi ni vijana wa hapa Iringa mjini, wengi wanatembeza wageni siku za mwisho wa wiki tu.

Juni 4

Sentensi ya kwanza ya Kalenga imeletwa na yule binti wa Ipogolo. Aliingia na baridi yake, shuka begani, akanikabidhi karatasi kabla hata ya kukaa.

"Kamwene, Mwalimu. Naomba uniambie kama hii ni sawa au si sawa. Wenzangu wamenichanganya."

Aliandika hivi:

> Viele Gäste wissen nicht, dass Mkwawas Schädel erst 1954 nach Kalenga zurückgebracht worden ist.

Yaani: wageni wengi hawajui kwamba fuvu la Mkwawa lilirudishwa Kalenga mwaka 1954 tu, si kabla ya hapo. Na ndivyo ilivyokuwa. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, kifungu cha 246, uliwataka Wajerumani wakabidhi fuvu hilo kwa serikali ya Uingereza ndani ya miezi sita, lakini lilikuja kukabidhiwa Kalenga tarehe 19 Juni 1954, gavana Edward Twining akilitoa mikononi mwa Chifu Adam Sapi.

Mwenzake mmoja, kijana wa Kihesa, alimwambia kwamba *ist* lisogezwe mbele, lifuate *Schädel*, kwa hoja kwamba Kijerumani siku zote kinataka kitenzi nafasi ya pili. Binti akaanza kusita, na karatasi ilikuwa na alama za kufuta na kurudishia.

Nilimjibu pale pale: sentensi yako ni sahihi, yote, kuanzia herufi ya kwanza hadi nukta. Usiguse kitu. Hata *worden* ameliweka vizuri bila *ge-* mbele, jambo ambalo wengi hulikosea.

Lakini kumwambia mtu "ni sahihi" hakumsaidii kesho akikaa peke yake na sentensi nyingine. Nimemwahidi kwamba kipindi kijacho tutaihakiki hiyo hiyo mbele ya wote, hatua kwa hatua, na huyo wa Kihesa akiwepo.

Juni 6

Leo tumefanya hilo tu, na lilichukua kipindi kizima.

Niliwaandikia ubaoni kwanza habari yenyewe ikiwa peke yake, bila kuegemea sentensi nyingine:

> Mkwawas Schädel ist erst 1954 nach Kalenga zurückgebracht worden.

Hapa kijana wa Kihesa yuko sawa kabisa. Hiki ni kishazi huru, na kitenzi chenye nafsi, *ist*, kiko nafasi ya pili. Nafasi ya pili si neno la pili, bali ni kipande cha pili: *Mkwawas Schädel* ni maneno mawili ila kipande kimoja. Vitenzi vilivyobaki, *zurückgebracht* na *worden*, viko mkiani tayari. Havikusubiri *dass* ije ndipo viende huko.

Kisha nikaweka *dass* mbele, nikafuta *ist* pale lilipokuwa, nikaliandika mwisho:

> dass Mkwawas Schädel erst 1954 nach Kalenga zurückgebracht worden ist

Nikawauliza: nimehamisha maneno mangapi? Moja. *Erst 1954* haijasogea, *nach Kalenga* haijasogea, *zurückgebracht worden* imekaa ilipokuwa. Kinachohama ni kitenzi kile kimoja kilichobeba nafsi. Wengi wao walikuwa wanaamini kwamba kishazi tegemezi kinapinduliwa chote, ndiyo maana walikuwa wanapangua hata tarehe na mahali, wanatoa sentensi ambayo haifanani na chochote. Hakuna kupinduliwa. Ni kama kondakta wa daladala: abiria wakae wanavyokaa, yeye anapanda wa mwisho na kufunga mlango.

Ukitaka kusema kama wanaisimu wanavyosema, ni kinyume cha tunavyofundisha. Wengi wao wanachukulia kwamba makao ya asili ya kitenzi cha Kijerumani ni mwisho wa kishazi, na kwamba ni kishazi huru ndicho kinachokivuta mbele hadi nafasi ya pili. Panapokuwa na *dass*, mahali pale pa mbele pameshakaliwa na *dass* yenyewe, hivyo kitenzi kinabaki nyumbani kwake. Mimi naona maelezo haya yanamsaidia mwanafunzi zaidi ya ile "sheria ya kusukuma kitenzi mwisho", kwa sababu yanajibu swali la kwa nini *zurückgebracht worden* tayari liko mkiani hata kwenye kishazi huru. Lakini sikuwaandikia ubaoni. Nilisema kwa mdomo, aliyetaka akaandika.

Baada ya hapo likaja swali la maana zaidi, nalo lilitoka kwa kijana wa Kihesa mwenyewe: "Sasa Mwalimu, vitenzi viko vitatu. Nitajuaje ni kipi kinachobeba nafsi?"

Tukafanya jaribio. Geuza kiima cha kishazi kuwa wingi, uangalie ni kitenzi gani kinabadilika. Tufanye mafuvu yalikuwa mengi (kwa ajili ya zoezi tu, kadi haitasema hivyo):

> dass die Schädel erst 1954 nach Kalenga zurückgebracht worden sind

*Ist* limekuwa *sind*. *Zurückgebracht* halikutikisika, *worden* halikutikisika. Kinachobadilika ndicho chenye nafsi, na hicho ndicho lazima kiwe cha mwisho. Badilisha na wakati ukipenda: *ist* litakuwa *war*, mengine yatabaki vile vile. Majaribio mawili, jibu moja.

Kwa hiyo sentensi ya binti inahakikiwa kwa maswali matatu tu. Je, kuna neno linalofungua kishazi tegemezi? Lipo, *dass*, na mbele yake mkato umewekwa. Kitenzi chenye nafsi ni kipi? *Ist*. Je, baada yake kuna neno lolote kabla ya nukta? Hakuna. Imepita. Nimeipigia mstari mwekundu mwenyewe.

Lililobaki ni hoja ya kijana wa Kihesa, maana hakuitoa hewani. Daftarini kwake ana mfano aliounakili mahali: *Ich glaube, der Bus ist schon abgefahren.* Nadhani basi limeshaondoka. Hapo kweli *ist* liko nafasi ya pili na ni sahihi, kwa sababu *dass* haipo. Baada ya vitenzi kama *glauben*, *denken* na *sagen* Mjerumani anaweza kuiacha *dass*, na akiiacha tu, kishazi kinapangwa kama kishazi huru. Ukiirudisha *dass*, kitenzi kinarudi mwisho: *Ich glaube, dass der Bus schon abgefahren ist.* Njia zote mbili zinaruhusiwa. Kisichoruhusiwa ni kuchanganya, *dass* ikawepo na kitenzi kikabaki mbele, na hicho ndicho alichokuwa anamshauri mwenzake.

Juni 9

Mvulana wa Mshindo ameniambia anaelewa kitenzi kimoja kwenda mwisho, ila vikiwa vitatu kichwa kinamzunguka, hajui vipangane vipi. Nimeona nitumie Kiswahili chenyewe, kwa sababu kinatoa jibu bila kukariri.

Binti wa Ipogolo alikuwa ameandika sababu yake ya kujifunza, nayo iliingia kwenye kadi ya kujitambulisha:

> Ich lerne Deutsch, weil ich den Gästen die Geschichte selbst erzählen können möchte.

Kwa Kiswahili: najifunza Kijerumani kwa sababu ningependa kuweza kuwasimulia wageni historia mimi mwenyewe.

Soma vitenzi vya Kiswahili kwa mpangilio: *ningependa*, *kuweza*, *kuwasimulia*. Soma vya Kijerumani kutoka mwisho kurudi nyuma: *möchte*, *können*, *erzählen*. Ni vile vile, vimegeuzwa mbele nyuma. Sisi tunaanza na kile kinachoamrisha na kumalizia na kazi yenyewe, wao kwenye kishazi tegemezi wanaanza na kazi na kumalizia na kinachoamrisha.

Nikarudi kwenye ile ya fuvu. *Ist* inatawala *worden*, *worden* inatawala *zurückgebracht*. Ukisoma kutoka nukta kurudi kushoto unapata ngazi isiyokatika. Mtu akiandika *worden zurückgebracht ist* ngazi imekatika, na unaiona mara moja hata kama hujui jina la kanuni iliyovunjwa.

Mvulana wa Mshindo akajaribu mwenyewe: "kwa sababu wageni wanataka kuweza kupiga picha". Akaandika kwanza Kiswahili, akavipa vitenzi namba moja, mbili, tatu, kisha akavipanga tatu, mbili, moja:

> weil die Gäste fotografieren können wollen

Sahihi. Nilimwambia ajaribu wingi na umoja kwa uhakika zaidi, *der Gast* badala ya *die Gäste*, akapata *fotografieren können will*. Kilichobadilika ni cha mwisho peke yake. Imepita.

Njia hii ya namba ina mpaka wake, na nilimwambia hivyo hivyo ili asije akaniona mwongo baadaye. Kuna pahala inavunjika, nitaieleza tukifika.

Juni 11

Leo haikuwa kazi ndefu. *Zurückbringen* imewasumbua wawili kwa sababu ni kitenzi cha kupasuka. Katika kishazi huru kinapasuka, *Die Briten brachten den Schädel 1954 zurück*, kipande kimoja nafasi ya pili, kingine mwisho. Katika kishazi tegemezi kitenzi kinakwenda mwisho, kinakutana na kipande chake pale pale, wanaungana na kuandikwa neno moja:

> als die Briten den Schädel 1954 zurückbrachten

Aliyeandika *zurück brachten* kwa nafasi katikati amerekebishiwa. Kadi mbili zimepita.

Juni 14

Tumekwenda Kalenga kujaribu kadi kwa sauti. Ni kama kilometa 15 kutoka mjini, barabara ya kuelekea Ruaha, tukapanda daladala asubuhi. Niliwapanga wasome mmoja mmoja nje ya jengo la makumbusho, wengine wakae mbali kidogo na wasikilize bila kuona kadi. Sentensi inaweza kuwa sahihi kwenye karatasi na bado isisikike.

Hilo lilitokea mapema. Kijana wa Kihesa, ambaye sasa anavipenda vishazi tegemezi kuliko mtu yeyote, alikuwa ametunga hii:

> Hier sehen Sie, dass der Schädel, den die Deutschen, die Mkwawa 1898 verfolgt hatten, mitgenommen hatten, 1954 zurückgebracht wurde.

Nimeihakiki kwa yale maswali matatu, kishazi kwa kishazi, na haina kosa. *Die … verfolgt hatten* imefungwa vizuri, *den … mitgenommen hatten* imefungwa vizuri, *dass … zurückgebracht wurde* imefungwa vizuri. Lakini vishazi vitatu vimefunguka mfululizo kabla hata kimoja hakijafungwa, na msikilizaji anabeba *der Schädel* kichwani akisubiri kitenzi chake huku vingine vinampita. Waliokaa mbali hawakujua ni nani aliyemchukua nani. Nikisoma mimi kwa kasi ya kawaida, nao hawakuelewa.

Dawa yake Wajerumani wenyewe wanaitumia kila siku. Kishazi kinachoeleza nomino si lazima kigande kwenye nomino hiyo. Kinaweza kusukumwa nje, baada ya kitenzi cha mwisho, ili kitenzi kifike mapema:

> Hier sehen Sie, dass der Schädel 1954 zurückgebracht wurde, den die Deutschen mitgenommen hatten.

Hapo mtu atauliza: si tulisema baada ya kitenzi chenye nafsi hakuna neno? Neno la kishazi hicho hicho, hakuna. Ila kishazi kingine kizima, chenye mkato wake na kitenzi chake mwishoni, kinaweza kufuata. *Wurde* imefunga cha kwanza, *hatten* imefunga cha pili, kila kimoja kimefungwa penye mwisho wake. Yale mambo ya kumfuatilia Mkwawa mwaka 1898 tumeyapa sentensi yake peke yake, na kwa kadi za kusomwa kwa sauti nimeweka kikomo: kishazi tegemezi kimoja ndani ya kingine kinatosha.

Wakati tunaendelea wakafika wageni wawili, mume na mke, Wajerumani. Binti wa Ipogolo akaniangalia, nikamwashiria aende. Akasema ile sentensi yake ya *zurückgebracht worden ist* bila kushika kadi. Walimsikiliza, yule mama akamuuliza swali ambalo wageni huliuliza sana hapa: ni kweli hili ni fuvu lake? Swali la haki. Twining alilichagua fuvu hilo Bremen miongoni mwa mengi kwa kulinganisha vipimo vya kichwa na vya ndugu wa Mkwawa, na tangu hapo wapo wenye shaka. Binti alikuwa na kadi ya jibu:

> Man weiß nicht genau, ob es wirklich Mkwawas Schädel ist.

Haijulikani kwa uhakika kama kweli ni fuvu la Mkwawa. *Ob* inafungua kishazi tegemezi sawa na *dass*, na *ist* imekaa mwisho. Yule mama akatikisa kichwa kukubali na wakaendelea na mazungumzo.

Kisha mume wake akasema jambo lililotuletea kazi ya njiani. Aliulizwa kwa nini hawakwenda Isimila, akajibu: *weil wir haben nur einen Tag*. Kwa sababu tuna siku moja tu. Kitenzi kiko nafasi ya pili baada ya *weil*! Ndani ya daladala vijana wakanigeukia wote.

Nimewajibu kama ilivyo. Katika mazungumzo Wajerumani wengi wanasema hivyo baada ya *weil*, hasa wakitulia kidogo baada ya kulitamka, kama mtu anayeanza sentensi mpya. Katika maandishi, katika mtihani na kwenye kadi zetu ni *weil wir nur einen Tag haben*. Anayetaka kitenzi kibaki nafasi ya pili na bado awe ndani ya kanuni atumie *denn*: *denn wir haben nur einen Tag*. Na baada ya *dass* au *ob* wasitegemee kuusikia uhuru huo. Sikumsahihisha mgeni, ni lugha yake.

Juni 16

Kadi za kuanza na kishazi tegemezi. Niliziogopa bure, zimepita nyingi kwa siku moja, kwa sababu dalili yake inaonekana kwa macho: kitenzi, mkato, kitenzi.

> Weil Mkwawa sich nicht ergeben wollte, erschoss er sich 1898.

Kwa kuwa Mkwawa hakutaka kujisalimisha, alijipiga risasi mwaka 1898. *Wollte* imefunga kishazi tegemezi. Kishazi hicho chote ni kipande cha kwanza cha sentensi kubwa, kwa hiyo nafasi ya pili inaanza mara tu baada ya mkato, nayo ni ya *erschoss*. Wanaotafsiri kichwani kutoka Kiswahili huandika *er erschoss sich* na kitenzi kinasukumwa hadi nafasi ya tatu. Nyingine iliyopita:

> Als die Soldaten ihn fanden, war er schon tot.

Askari walipomkuta, alikuwa ameshakufa. *Fanden, war.* Nimewaambia wakague kadi zote kwa kidole: palipo na mkato baada ya kishazi cha mwanzo, kushoto kwake kitenzi, kulia kwake kitenzi. Hawakunihitaji sana leo.

Juni 17

Hapa ndipo njia ya namba inavunjika, na aliyepafikia ni binti wa Ipogolo tena. Alitaka kusema kwamba Wahehe walilazimika kusubiri kwa muda mrefu. Akaleta mbili, hajui ipi ni ipi:

> Ich erzähle den Gästen, dass die Hehe lange warten müssen haben.
>
> Ich erzähle den Gästen, dass die Hehe lange haben warten müssen.

Ukifuata kila kitu nilichofundisha, ya kwanza ndiyo inayostahili. Ngazi yake haijakatika: *haben* inatawala *müssen*, *müssen* inatawala *warten*. Kitenzi chenye nafsi kiko mwisho. Kwa wingi na umoja ni *haben* linalobadilika kuwa *hat*. Kila jaribio linaipitisha. Na bado si sahihi. Iliyo sahihi ni ya pili.

"Umeipata wapi hii ya pili?" nilimuuliza.

"Niliisikia redioni ya mtandaoni, Mwalimu, mtu akisema *hat machen müssen*. Nikaona siwezi kuiacha hivi hivi."

Sababu ni hii. Vitenzi kama *müssen*, *können*, *wollen*, *dürfen* na *sollen* vikisaidiwa na *haben* katika wakati timilifu, na vikiwa na kitenzi kingine chini yao, havichukui umbo la kawaida la *ge-*. Hatusemi *warten gemusst*, tunasema *warten müssen*. Tunaishia na maumbo mawili ya asili yaliyokaa pamoja mwishoni. Na mawili hayo yakiwa pamoja, kitenzi chenye nafsi, *haben*, hakikai nyuma yao. Kinatangulia mbele yao.

Kishazi huru hakionyeshi tatizo: *Die Hehe haben lange warten müssen.* *Haben* iko nafasi ya pili kama kawaida. Ni kishazi tegemezi peke yake kinachofichua, kwa sababu tunangojea *haben* aende mwisho, anakwenda karibu na mwisho tu na kusimama mbele ya wale wawili.

Jinsi ya kuitambua kabla hujaandika: angalia mkiani. Ukiona maumbo mawili yanayoishia na *-en* ya asili, la pili likiwa ni mojawapo ya wale watano, na kinachovisaidia ni *haben* au *hatte* au *hätte*, basi kisaidizi kinatangulia. Ukiona umbo la *ge-* au *worden* mkiani, rudi kwenye kanuni ya kawaida na kisaidizi kifunge mlango. Na kama hakuna *haben* kabisa, kama katika *erzählen können möchte* ya tarehe 9, kanuni ya kawaida inaendelea.

Binti alisikitika kidogo kwamba jaribio la wingi halikumwokoa. Nikamwambia jaribio lile linajibu swali moja tu, ni kitenzi kipi chenye nafsi, na hapa limejibu vizuri: ni *haben*. Swali la kinakaa wapi ni lingine.

Kwa ajili ya kadi nimekata shauri. Sentensi yake ya pili ni sahihi na imeingia daftarini kama ilivyo. Ila kwenye kadi ya kusomwa kwa mgeni tumeandika kwa wakati uliopita wa kawaida:

> Ich erzähle den Gästen, dass die Hehe lange warten mussten.

Maana haipungui, vitenzi vimebaki viwili, *mussten* imefunga, na hata Mjerumani anayesimulia historia angesema hivi kwanza. Vijana wengine hawana haja ya kubeba lile fundo wakiwa mbele ya watu. *Hätte* wataikuta baadaye, *dass er hätte kommen sollen*, na hapo hakuna njia ya mkato.

Juni 19

Tarehe ya makabidhiano. Binti wa Ipogolo na wenzake wawili wako Kalenga tangu asubuhi.

Kopi za seti ya Kalenga zimetolewa, nimezipitia kwa mara ya mwisho kwa kalamu nyekundu. Moja imerudi, ile ya Zelewski, kamanda wa Wajerumani: *dass Zelewski 1891 ist bei Lugalo gefallen*. Kitenzi kimesimama katikati. Kwa kuwa ni *gefallen*, umbo la *ge-*, hakuna cha kutangulia hapa, *ist* iende mwisho: *dass Zelewski 1891 bei Lugalo gefallen ist*. Mwenye kadi anaiandika upya jioni hii.

Zilizobaki ni kadi za *damit* na *um … zu*, ambazo zinafanana kwa maana na kutofautiana kwa kitenzi: ya kwanza ina kitenzi chenye nafsi mwishoni, ya pili haina kitenzi chenye nafsi kabisa. Mvulana wa Mshindo ameshaleta sentensi tatu. Mbili nimeziona ziko sawa, ya tatu ina mtenda tofauti katika vishazi viwili na ametumia *um … zu*, kwa hiyo itabidi igeuzwe kuwa *damit*. Nitaanza na hiyo Jumatatu.